Kukusanya na Kufupisha Maoni ya Wenzake Bila Kufichua Nani Kasema Nini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa yule aliyepewa kazi ya uratibu katika tathmini ya pande zote, yaani ile ambayo mtu mmoja hutathminiwa na bosi wake, wenzake wa ngazi moja na walio chini yake. Wewe mratibu ndiye unayetuma fomu, unayepokea majibu na unayeandika ripoti atakayosoma mtathminiwa. Majina mara nyingi hayavuji kupitia mfumo. Huvuja kupitia hesabu ya kujumlisha na kutoa, na kupitia visa vidogo vilivyomo ndani ya maoni ya maandishi, ndiyo maana sehemu kubwa ya maswali haya inahusu hayo mawili.

Niwaambie wachangiaji kwamba majibu yao hayana majina, au kwamba ni ya siri?

Waambie kilicho kweli, maana hizi ni ahadi mbili tofauti. Majibu yasiyo na majina ni yale ambayo hata wewe huwezi kujua yametoka kwa nani. Majibu ya siri ni yale ambayo wewe unajua, au ungeweza kujua ukitaka, lakini humwambii mtu. Tathmini nyingi za pande zote ni za aina ya pili, kwa sababu lazima ujue nani ni bosi, nani ni mwenza na nani yuko chini ya mtathminiwa, na pia nani hajajibu ili umkumbushe.

Binafsi napendelea siri kuliko kutokuwa na majina kabisa. Ukijua mwandishi ni nani unaweza kumrudia na kumuuliza, "Nikiandika hivi, utajulikana?" Nafasi hiyo ndiyo inayookoa maoni mazito, kama tutakavyoona. Kwenye mwaliko andika wazi: nani ataona majibu ghafi, kundi litaonyeshwa kuanzia watu wangapi, na kwamba maoni ya maandishi yataandikwa upya. Ongeza kwamba alama za bosi zitajulikana kuwa ni zake. Bosi ni mmoja, hakuna pa kumficha, na akidhani amefichwa ataandika kwa namna ambayo atakuja kuijutia.

Kwa nini kila mtu anasema kundi liwe na watu watatu au zaidi?

Kwa sababu kundi la wawili halifichi kitu. Kila mmoja wao anajua alama yake, kwa hiyo akiuona wastani anajua ya mwenzake papo hapo. Mtathminiwa naye akishajua mmoja wao alisema nini, labda kwa kuwa mwenyewe amemwambia, wa pili anabaki uchi.

Watatu ndio kiwango cha chini kinachotumika sana. Kwa maoni ya maandishi, mimi husubiri wanne au watano nikiweza, kwa sababu maneno yana alama za vidole kuliko tarakimu. Na hesabu waliojibu, si walioalikwa. Mratibu anayealika wanne chini ya mtathminiwa akaona ameshavuka kiwango, kisha wakajibu wawili, anajikuta na tatizo siku ya mwisho.

Hilo ndilo limetokea: wamejibu wawili tu. Nikificha safu yao, si inatosha?

Haitoshi, na hapa ndipo ripoti nyingi huharibika. Tuchukue kisa kimoja tukifuate hadi mwisho.

Kiongozi wa timu anatathminiwa. Swali ni "Husikiliza maelezo yote kabla ya kuamua", alama kuanzia 1 hadi 5. Bosi wake ametoa 4. Wenzake watano wametoa 4, 4, 3, 4 na 5, jumla 20, wastani 4.0. Walio chini yake walioalikwa ni wanne, waliojibu ni wawili, nao wametoa 1 na 2. Mratibu anafuata kanuni: kwenye safu ya walio chini anaandika "majibu hayatoshi kuonyeshwa". Lakini chini kabisa ya jedwali ameacha mstari wa "Wachangiaji wote (8)", wenye wastani wa 3.4.

Mtathminiwa anachukua kalamu. Watu wanane wenye wastani wa 3.4 uliokadiriwa wanaweza kuwa na jumla moja tu iliyo namba kamili, nayo ni 27, kwa kuwa 27 ukigawa kwa 8 unapata 3.375. Anatoa 4 ya bosi, anatoa 20 ya wenzake, zinabaki 3. Watu wawili kwenye kipimo cha 1 hadi 5 wanaweza kufikisha 3 kwa njia moja tu: mmoja kampa 1, mwingine kampa 2. Kile ulichokificha kimesomwa chote, tena kwa dakika mbili. Angalia pia kwamba kukadiria hadi nafasi moja ya desimali hakukusaidia kitu. Kwenye makundi madogo ukadiriaji ni pazia jembamba mno.

Dawa ni kuhakikisha kwamba kilichofichwa hakiwezi kupatikana kwa kutoa kilichoonyeshwa. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kufuta pia mstari wa wote, ukabaki na bosi na wenzake tu. Ya pili, ambayo mimi huitumia zaidi, ni kuwaunganisha walio chini na wenzake kuwa kundi moja la "wachangiaji wengine". Katika kisa chetu kundi hilo lina watu saba na jumla ya 23, wastani 3.3. Hapo mtu akitoa ya bosi kwenye ya wote anapata 23 ileile ya watu saba, jambo ambalo tayari lipo kwenye ukurasa.

Ukishaunganisha kwenye swali moja, unganisha kwenye maswali yote ya ripoti. Ukiunganisha pale tu ambapo alama ni mbaya, umemwonyesha msomaji pa kuchimba. Hali hiyohiyo inatokea bila kukusudia pale mchangiaji anaporuka swali: kundi la watatu linageuka la wawili kwenye swali hilo pekee. Kwa hiyo hesabu idadi ya waliojibu swali kwa swali, si fomu kwa fomu.

Kuunganisha si kunapoteza ujumbe? Wenzake wanamsifu, walio chini wanamlalamikia, halafu inaonekana 3.3 ya kawaida tu.

Kunapoteza, na hakuna njia ya kulikwepa hilo bure. Ujumbe wenye thamani kuliko wote kwenye kisa chetu ulikuwa tofauti ya makundi hayo mawili, na wastani wa 3.3 umeumeza.

Kabla ya kuunganisha, jaribu kwanza kuongeza muda. Wakumbushe wote wanne, wakiwemo waliokwisha kujibu, ili ujumbe wenyewe usionyeshe nani hajajibu. Akipatikana mmoja zaidi una kundi la watatu. Ikishindikana, unaweza kusema kwa maneno kwamba maoni kuhusu usikilizaji yametofautiana sana kuliko kwenye maswali mengine. Hiyo ni kweli, inamtahadharisha mtathminiwa asiupumzikie wastani, na haisemi tofauti hiyo iko wapi. Usichapishe mtawanyo wa alama, yaani wangapi walitoa 1, wangapi 2. Alama moja ya 1 iliyosimama peke yake kwenye mchoro ni mwaliko wa kumtafuta mwenyewe.

Kundi lina watu watatu kamili, lakini wote wametoa 1. Nionyeshe?

Kiwango cha watatu hakisaidii kundi linapokubaliana. Wastani wa 1.0 unamwambia mtathminiwa hasa kila mmoja alisema nini, hata wangekuwa kumi. Hali ni ileile kwa 5.0, ingawa huko hakuna anayelalamika.

Mimi huunganisha kundi hilo na jingine. Kama umeamua kuonyesha, waulize kwanza wote watatu, na akikataa mmoja, acha.

Jibu moja limechelewa, limefika baada ya ripoti kutoka. Nitoe ripoti mpya?

Hapana. Tuseme ripoti ya kwanza ilionyesha walio chini watatu wenye wastani wa 4.00, jumla 12. Ukitoa ya pili yenye watu wanne na wastani wa 3.25, jumla ni 13. Aliyechelewa katoa 1, na aliyechelewa mara nyingi anajulikana, kwa sababu alikuwa safarini au mgonjwa na kila mtu anajua. Weka siku ya kufunga, funga fomu siku hiyo, toa ripoti moja tu. Usimwonyeshe mtathminiwa "rasimu ya mwanzo" ili atulie.

Mtego huohuo upo ukirudia tathmini baada ya muda na timu imebadilika kwa mtu mmoja tu aliyeingia au kutoka. Duru mbili zilizopishana miezi mingi zina afueni kidogo, maana hata wale wa zamani hubadilisha alama zao, ila usiziweke kwenye jedwali moja kundi kwa kundi.

Naweza kunukuu maoni ya maandishi nikiondoa jina?

Nisingenukuu. Jina ni kitu kidogo kabisa kinachomtambulisha mtu. Wanaofanya kazi pamoja wanatambuana kwa urefu wa sentensi, kwa kupenda kuanza na "kimsingi", kwa anayeweka nukta tatu kila mahali. Zaidi ya hapo wanatambuana kwa visa. Turudi kwa kiongozi wetu wa timu. Haya ni maoni matatu yaliyoingia chini ya lile swali la kusikiliza, mawili kutoka kwa wenzake na moja kutoka kwa aliye chini yake:

"Ana haraka. Kabla hujamaliza kueleza ameshaamua."

"Kazi anaijua sana, sina shaka. Ila vikao vyake ni vya kutangaziwa, si vya kujadili."

"Kikao cha Jumatatu nilileta hesabu za bohari, akazisoma nusu akasema tuendelee. Hesabu hizohizo zilikuja kutukwamisha wiki mbili baadaye."

La tatu ndilo bora kuliko yote kwa sababu lina tukio, siku na matokeo. Ndilo pia lenye hatari kuliko yote, kwa sababu hizohizo. Mtu wa hesabu za bohari ni mmoja.

Njia ninayoifuata ni kuvunja kila maoni kuwa madai mafupi kwenye karatasi ya kazi, dai moja kwa mstari, kisha kukusanya yanayofanana. Hapa yanatoka madai manne: huamua kabla maelezo hayajaisha, vikao vyake havina mjadala, anaijua kazi, taarifa aliyoipuuza ilirudi kama tatizo. Dai la kwanza limo kwenye maoni ya kwanza na ya tatu. La pili limesemwa waziwazi kwenye maoni ya pili, lakini linakaa pamoja na la kwanza, maana yote yanasema uamuzi unafika kabla ya mazungumzo. Hiyo ni mada moja yenye watu watatu nyuma yake.

Muhtasari niliouandika unasomeka hivi: "Wachangiaji kadhaa wanaona kwamba uamuzi hufikiwa mapema, kabla maelezo hayajakamilika, hasa kwenye vikao. Wangependa taarifa inayoletwa isikilizwe hadi mwisho na kuwe na nafasi ya kujadili kabla mjadala haujafungwa."

Ona kilichotoka. Jumatatu imetoka, bohari imetoka, wiki mbili zimetoka, hesabu zimekuwa "taarifa". Nimetoa pia dai la nne zima, lile la kukwama. Hata ukiliandika kwa jumla ("wakati mwingine taarifa iliyopuuzwa hurudi kama tatizo"), mtathminiwa aliyekwama wiki ile atakumbuka ni siku gani na nani alikuwa amesimama mbele yake. Na ona pia kwamba sikuandika "walio chini yake wanasema". Kwenye alama tumeunganisha makundi, basi kwenye maneno nayo yabaki yameunganishwa. Ripoti inayounganisha kwenye jedwali kisha inatenganisha kwenye aya ni kosa la kawaida kabisa.

La "anaijua kazi" nililiunganisha na sifa zilizotoka sehemu nyingine ya fomu, maana nazo ni maoni. Sifa pia inaweza kumfichua mtu: "alinisaidia sana nilipohamia timu hii" ina mwenyewe mmoja.

Je, niseme "watu wengi", "baadhi" au nitaje idadi?

Chagua maneno machache, yape maana, na uyaeleze mwanzoni mwa ripoti. Mimi hutumia "wachangiaji kadhaa" kwa watatu au zaidi na "wengi" kwa zaidi ya nusu ya waliojibu. Neno la mtu mmoja sina. "Mchangiaji mmoja anasema" ni sentensi ambayo haipaswi kuwepo kwenye ripoti hizi, kwa sababu papo hapo msomaji anaacha kufikiria jambo lenyewe na kuanza kufikiria ni nani.

Basi jambo lililosemwa na mtu mmoja tu, lakini lina uzito, nilifanyeje?

Kwanza tazama kama linaweza kuingia ndani ya mada kubwa bila kupotoshwa, kama lile la bohari. Likishindikana, mrudie aliyeandika. Mtumie sentensi uliyokusudia kuiandika, neno kwa neno, umuulize kama yuko tayari isomwe na mtathminiwa akijua kwamba huenda atakisiwa. Wengine wanakubali. Wengine wanaibadilisha wenyewe wakakupa sentensi bora kuliko yako. Akikataa, liache, hata kama unaona ni hasara. Usimbembeleze.

Mrudie kwa njia ambayo haionekani. Mratibu anayemfuata mtu mezani kwake siku moja kabla ya ripoti kutoka amekwisha kumtaja.

Nitajuaje kama muhtasari wangu unavuja?

Mpe mtu wa pili aliye kwenye mzunguko wa siri, anayeifahamu timu hiyo, ambaye hajaona majibu ghafi. Mwambie asome kila sentensi na kuandika pembeni jina la mtu anayemdhania. Humuulizi kama ripoti ni nzuri, unataka akisie. Akipatia sentensi moja, uliza nini kilimwonyesha. Mara nyingi atakuonyesha neno moja: "ripoti za usiku", "mteja yule", "nikiwa mgeni". Akikosea lakini kwa uhakika mkubwa, hilo nalo ni tatizo, na wengi hawalifikirii. Mtathminiwa atakisia vilevile, na lawama itamwangukia mtu ambaye hakusema kitu. Sentensi hiyo nayo iandikwe upya.

Kisha isome mara moja zaidi kwa jicho la mtathminiwa aliyeumia, yule atakayeisoma usiku akitafuta adui. Kwa hesabu, fanya jaribio la kutoa: chukua kila jumla iliyo kwenye ukurasa, toa kila kundi linaloonekana, uone kinachobaki ni watu wangapi. Chini ya watatu, rudi ukaunganishe.

Fomu yenyewe ya mtandaoni inaweza kunisaliti?

Inaweza, kwa mambo madogo. Kwenye Google Forms angalia mpangilio wa "Collect email addresses" uwe "Do not collect" kama umeahidi majibu yasiyo na majina. Lahajedwali ya majibu ina safu ya "Timestamp" na inapanga majibu kwa jinsi yalivyoingia, kwa hiyo anayejua nani alijaza saa ngapi anajua mengi. Kwenye karatasi yako ya kazi futa safu hiyo na uchanganye mistari upya kwa kila swali, ili maoni ya mtu mmoja yasifuatane nafasi ileile ukurasa mzima. Ripoti itoke kama PDF, isiwe faili ya lahajedwali yenye kurasa zilizofichwa. Ukurasa uliofichwa unafunuliwa kwa kubofya mara chache tu.

Mchangiaji ameandika tuhuma ya unyanyasaji au wizi. Nayo niifupishe?

Usiifupishe wala usiiweke kwenye ripoti. Ripoti ya tathmini inampa mtuhumiwa taarifa mapema na haimlindi aliyelalamika. Zungumza na mwandishi, mweleze njia rasmi ya malalamiko. Taratibu za kazi zinaweza kukulazimisha ulifikishe jambo mbele hata asipotaka, kwa hiyo mpaka huo uwe umeandikwa kwenye mwaliko tangu siku ya kwanza, pale ulipoahidi siri.

Mtathminiwa ameanza kuulizia watu nani kaandika nini.

Hutokea, hasa siku za mwanzo. Punguza uwezekano kwa kutompelekea ripoti kwenye barua pepe tu. Kaa naye aisome mbele yako, na mwambie mapema kwamba kutafuta wasemaji hakuruhusiwi na kwamba ukisikia utalifikisha kwa bosi wake. Akikuuliza "Ni fulani, siyo?", jibu liwe lilelile kila mara, hata pale amekosea: "Sijibu maswali ya nani." Mratibu anayesema "hapana, si yeye" kwa mmoja ameshaanza kupunguza orodha.

Akitaka mifano, ambayo ni ombi la haki kabisa, mtume kwa timu nzima na swali linalotazama mbele: "Ningependa kusikiliza vizuri zaidi kwenye vikao. Mngependa nifanye nini tofauti?" Atapata mifano ya kweli, na kila atakayeitoa atakuwa ameamua mwenyewe kuitoa.

Bosi anadai majibu ghafi. Anasema yeye ndiye aliyelipia zoezi.

Mwonyeshe mwaliko uliotumwa. Kama uliandika kwamba majibu ghafi yataonwa na mratibu peke yake, ahadi hiyo ilitolewa kwa niaba ya taasisi na inamfunga yeye pia. Mpe ripoti ileile aliyopewa mtathminiwa, si yenye maelezo zaidi. Ombi hili hukosa nguvu kama majibu ghafi hayapo tena, kwa hiyo kwenye mwaliko huohuo taja siku ya kuyafuta, na ukifika muda huo futa fomu, lahajedwali, karatasi ya kazi na nakala zilizobaki kwenye barua pepe na kwenye pipa la taka la kompyuta. Orodha ya nani alialikwa inaweza kubaki. Orodha ya nani alijibu, hapana.